Barua kwa mwanangu: tarehe yako ya kurudi haijakaa sawa

Morogoro, 6 Septemba 2026

Mwanangu,

Rasimu ya barua yako ya kuomba kazi kiwanda cha sukari nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili na kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea ofisini. Kazi unaiweza, hilo sina shaka nalo. Ila barua hii ningekuwa bado mezani kwangu utumishi ningeiweka kwenye lile fungu la "tutakujulisha", na wewe unajua lile fungu huishia wapi.

Aya ya kwanza unasema umekaa Ujerumani miaka saba na sasa moyo unakuita nyumbani. Mimi babaako imenigusa. Meneja wa kiwanda haitamgusa. Yeye anataka kujua lini utasimama mbele ya mitambo yake, na hapo ndipo ulipochanganya mambo. Juu umeandika "niko tayari kuanza mara moja", chini "natarajia kurudi mapema mwakani". Mtu mwenye mkataba wa kazi Dortmund hayuko tayari mara moja, na kila aliyewahi kuajiri anajua. Na hiyo "mapema mwakani" ni Januari au Aprili?

Jiweke kwenye kiti chake. Miwa husagwa kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua za masika zinapokaribia, kisha kiwanda kinasimama, maana magari hayaingii mashambani kwa matope. Miezi hiyo ya masika ndiyo ya kufungua vinu, kubadilisha rola na kukagua boila. Mhandisi wa matengenezo anayefika Februari anakuta kiwanda bado kinanguruma. Anasikia kwa masikio yake kinu gani kinalia vibaya kabla hakijafunguliwa. Akifika Aprili anakuta vyuma vimetandazwa sakafuni, na vipuri vya kuagiza vilishaagizwa na mwingine. Kwa hiyo Februari kwao ina thamani, na wewe unaweza kuwapa, ukipiga hesabu sawasawa.

Hesabu usiianzie kwenye tiketi ya ndege. Ianzie kwenye notisi. Uliniambia mkataba wako unadai miezi mitatu, ikiishia mwisho wa mwezi. Maana yake barua ya kuacha kazi ikimfikia mwajiri wako ndani ya Oktoba, unatoka tarehe 31 Januari. Ikimfikia Jumatatu ya tarehe 2 Novemba, unatoka mwisho wa Februari. Siku mbili za uzembe zinakula mwezi mzima. Na kwa sheria ya huko barua hiyo lazima iwe karatasi yenye saini yako ya mkono, barua pepe haihesabiki. Tarehe 31 Oktoba ni Jumamosi, basi ipeleke mwenyewe Ijumaa ya tarehe 30, na uombe mtu wa ofisini aandike kwenye nakala yako kwamba ameipokea.

Nyumba nayo ina notisi ya miezi mitatu, lakini huko kuna nafuu kidogo: mwenye nyumba akiipata barua kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi, mwezi huo unahesabika. Kwa Novemba hiyo ni Jumatano ya tarehe 4. Kazi na nyumba vitaisha pamoja tarehe 31 Januari, hutalipa kodi ya nyumba usiyolala. Amana yako usiipigie hesabu ya nauli, wenye nyumba huko wana ruhusa ya kukaa nayo kwa muda wakikagua madeni ya maji na joto.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikae chini kuandika badala ya kupiga simu. Usipeleke notisi kabla mkataba wa huku haujasainiwa na pande zote mbili. Miaka ile niko utumishi, alikuja kijana mmoja kutoka Uarabuni na sanduku lake, moja kwa moja kutoka stendi. Bosi wetu alikuwa amemwambia kwa simu, "Njoo tu, nafasi ipo." Kijana akaacha kazi, akafunga virago. Kati ya ile simu na siku aliyofika, bajeti ilikatwa na nafasi ikafutwa. Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza. Alikunywa chai yangu yote, hakusema neno, akaomba kuacha sanduku ofisini mpaka jioni. Bosi hakuwa amedanganya, nafasi ilikuwepo kweli siku ile alipopiga simu. Ila simu haina saini.

Kwa hiyo tarehe yako ifunge kwenye mkataba wao. Barua andika kwa Kiingereza kama tangazo lao lilivyo, lakini aya ya katikati iwe na maana hii:

"Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya miezi mitatu, inayoishia mwisho wa mwezi. Nikipata mkataba uliosainiwa kabla ya tarehe 28 Oktoba 2026, nitaripoti kazini Jumatatu, 15 Februari 2027. Ukinifikia baada ya hapo lakini kabla ya tarehe 27 Novemba, nitaripoti Jumatatu, 15 Machi 2027. Kwa usaili wa mtandaoni napatikana siku yoyote ya kazi kuanzia saa 4 asubuhi, saa za Tanzania."

Basi. Hapo meneja anaona kwamba akichelewesha saini, mwezi anaupoteza yeye. Hukumtisha wala hukumbembeleza. Hizo wiki mbili baada ya tarehe 31 Januari usizikate hata wakikusukuma. Ni za kukabidhi funguo, kusafiri, na kumalizana na mama yako, ambaye hatakuachia uende kiwandani kesho yake. Saa za usaili ziandike za huku daima. Sasa hivi mko nyuma yetu kwa saa moja, lakini tarehe 25 Oktoba saa zenu zikirudishwa zinakuwa mbili. Saa 4 yetu itakuwa saa 2 yenu, nawe uwe umeshanawa uso.

Vitu vyako vya kontena usivitaje kabisa. Meli ikichelewa isionekane kwamba na wewe umechelewa. Zana unazozitegemea zije nawe kwenye begi.

Kitu kimoja usikisubirishe hadi mkataba: shahada yako ya pili ipeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe. Barua ya kuitambua utadaiwa na kiwanda au bodi ya wahandisi, na uthibitisho kutoka chuo chako ni rahisi kuufuatilia ukiwa bado hapo Dortmund kuliko ukiwa Morogoro unapiga simu isiyopokelewa. Ukishaomba, andika kwenye barua kwamba umeomba na tarehe uliyoomba. Kama hujaomba, usiandike.

Mshahara umeuliza uutaje au usiutaje. Mimi nisingeutaja kwenye barua hii. Wakikuuliza kwenye usaili, tupige hesabu kwanza mimi na wewe, maana ukiibadilisha yuro kuwa shilingi kichwani utataja kiasi kitakachowafanya wacheke.

Nirudishie rasimu mpya kabla ya Ijumaa. Na hizi tarehe zibaki kati yetu kwa sasa. Mama yako akisikia Februari ataanza kufuga kuku wiki hii, na sisi hata usaili hatujaitwa.

Babaako