Mwanangu, izime hiyo tochi

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Baba yako amerudi kutoka shamba, na kifua cha mdogo wako kimepungua. Nimeshindwa kusubiri siku yenu ya simu, ndiyo maana nampa barua hii mzazi mwenzangu anayekuja huko Jumanne, pamoja na kifurushi.

Matroni alinipigia Ijumaa saa 3 asubuhi, ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku. Aliposema umeanguka mstarini nilikaa chini palepale kwenye baraza ya wodi. Akaniambia malaria hakuna, presha imeshuka kidogo, damu ni 10. Kisha akasema lililonichoma zaidi: wenzako wa bwenini wanasema tangu mock iishe unalala saa 8 usiku na kuamka saa 11. Saa tatu, mama. Na kwenye simu nilikuuliza, ukanijibu unalala vizuri.

Sijawahi kuhangaika na kusoma kwako, na kazini kila mtu anajua nina binti wa PCB. Lakini siku ya wazazi nilifunua daftari lako la Bayolojia, pale kwenye mzunguko wa Krebs. Ukurasa ulianza kwa mwandiko wako ninaoujua, umenyooka. Katikati mistari ikaanza kuteremka. Hatua moja umeiandika mara mbili, ya pili haikuisha, kalamu imeburuzwa mpaka ukingoni. Pale ulisinzia. Nina miaka 19 ya uuguzi, niliona. Nikamwambia baba yako, tazama mtoto anavyokesha. Na ile tochi ya sola ilitoka mfukoni mwangu, na kahawa pia.

Kwa hiyo nisikilize sasa. Unachosoma leo ubongo hukishika kwanza kwa muda, na kazi ya kukihamishia mahali pa kudumu hufanyika zaidi ukiwa umelala. Usingizi mzito huja zaidi saa za mwanzo za usiku, ule wa ndoto hujaa kuelekea alfajiri, na unahitaji aina zote mbili. Ukilala saa 8 ukaamka saa 11, sehemu kubwa ya ule wa alfajiri unaikata. Kesho yake unaingia darasani na ubongo usiopokea vizuri, unasoma mstari mmoja mara tatu, unadhani hujasoma vya kutosha, usiku unaongeza saa. Hapo ndipo mtu anapozama.

Na mchovu hajui kwamba amechoka. Sijawahi kukusimulia hili. Ulikuwa darasa la pili, nilikuwa zamu ya tatu mfululizo, saa 10 alfajiri. Mtoto mchanga alitakiwa apewe dawa mililita 0.5. Nilivuta 5. Niliisoma tena, nikaona ni sawa kabisa, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mwenzangu ndiye aliyeushika mkono wangu. Mchana hesabu ile ningeifanya bila hata karatasi. Sasa nawaza wewe na nukta zako kwenye Fizikia, saa 2 asubuhi, karatasi ya muda wa saa tatu, na uhakika wa namna ile.

Prepo inaisha saa 4. Nataka saa 4 na robo uwe kitandani. Mpaka saa 11 ni saa sita na dakika 45, bado pungufu, maana umri wako unataka saba mpaka tisa. Baada ya chakula cha mchana jilaze dakika 20, mwenzako akuamshe. Isivuke 30, utaamka na kichwa kizito. Jumapili usilale mpaka mchana ukidhani unalipa deni, usiku utakosa usingizi na Jumatatu utaanza vibaya. Saa moja ya ziada inatosha.

Utasema nimekunyang'anya saa nne za kusoma. Basi fanya jaribio. Kesho asubuhi kabla ya kugusa daftari, chukua karatasi tupu uandike ulichosoma kati ya saa 6 na saa 8 za usiku uliopita. Halafu andika ulichosoma saa 11 jioni. Linganisha mwenyewe. Na Jumamosi saa 2 asubuhi, saa ileile ya mtihani, fanya pepa moja ya zamani kwa saa tatu bila kufungua kitu, isahihishe, kisha wiki nzima rudia yale tu uliyokosa. Zile mada unazozijua ulizorudia mara nne ili ujisikie salama, ziache. Hizo ndizo zilizokuwa zinakula usiku wako.

Kahawa acha baada ya saa 8 mchana. Kikombe cha saa 3 usiku, ikifika saa 9 karibu nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo hata ukilala unalala juujuu. Siku mbili za kwanza kichwa kitauma, vumilia, kunywa maji. Na miguu usiiweke tena kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie, matroni ameniambia na hilo.

Damu ya 10 ni kidogo kwa msichana, isishuke chini ya 12. Nimeongea na wa zahanati, utapewa vidonge vya madini ya chuma. Lakini vidonge havitoshi kama unaruka chakula cha jioni ili uwahi kiti chini ya taa. Ijumaa ulisimama mstarini tangu ugali wa Alhamisi mchana hujala kitu, kahawa tupu. Kula jioni. Uji wa asubuhi usiuache hata kama ni mwepesi, tia karanga za kusaga nilizokuwekea. Maharage usiyanywee chai, chai inazuia yale madini yasiingie mwilini, ngoja hata saa moja. Kamulia ndimu, ndimu inayasaidia. Dagaa nimekaanga mwenyewe, vijiko viwili kila mlo, na wagawie wenzako wa kitanda cha jirani.

Netiboli uliacha Januari. Sikulazimishi kurudi kwenye timu, na mpaka damu ipande usikimbie. Lakini saa 11 jioni uzunguke uwanja dakika 20, kutembea kwa haraka, bila daftari mkononi. Ukiona kizunguzungu kaa chini, mwambie matroni.

Kama ukilala hivi wiki mbili na bado unasoma bila kuingia kitu, au unalia bila sababu, au chakula hakipiti, usinifiche. Nitakuja. Ruhusa nimeshaomba ofisini, wamekubali. Daraja lolote utakalopata mimi nitalipokea, na yale niliyokuambia Desemba mbele ya shangazi yako kuhusu udaktari, usiyasome usiku.

Mvua imeanza huku, bati la jikoni linavuja upande wa jiko la mkaa, fundi ameahidi Alhamisi. Yule kuku wako mwekundu anaatamia mayai tisa. Bibi anauliza kama sweta lake unalivaa. Nauli ya kurudi nimeifunga kwenye pakiti ya karanga, usiitumie kununulia kahawa. Tochi mpe huyo mama aliyekuletea barua, nimeshamwambia atanirudishia Jumatano.

Mama yako