Andalio lako la sehemu

Mwalimu mwenzangu,

Habari za huko? Andalio lako la Darasa la Tano nimelisoma, na kalamu nyekundu imetembea kuliko ulivyoomba.

Kwenye lengo umeandika "mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu zenye asili tofauti". Kwenye shughuli, wewe unatatua mifano ubaoni, wao wananakili, kisha wanafanya zoezi kwa vikundi. Ukija kwenye tathmini, nakuta 1/4 + 2/4 na 3/8 + 2/8. Asili ni zilezile! Darasa zima linaweza kupata vema zote na usijue nani ameshika somo la siku hiyo.

Mimi ningeandika tathmini kwanza, ndipo nipande juu. Kosa la watoto unalijua: kwenye 1/2 + 1/3 wanajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wanapata 2/5. Basi waulize hivi: "Mwenzako amepata 2/5. Onyesha kwa mchoro kwamba amekosea, kisha toa jibu sahihi." Akichora ataona kuwa 2/5 ni ndogo hata kuliko ile 1/2 aliyoanza nayo. Swali la pili liwe 1/4 + 2/3.

Ukishakuwa na maswali hayo, "aelewe" haitoshi, maana huwezi kuiona kwenye daftari. Andika "aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti na kuonyesha jibu kwa mchoro".

Shughuli ndizo zenye kazi, kwa sababu hakuna mahali wanapochora. Kila mtoto akate ukanda wa miraba 6 kutoka daftari la hesabu. Nusu yake ni miraba 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6, yaani 5/6. Halafu wajaribu ukanda wa miraba 5: nusu yake inapasua mraba katikati, na theluthi ndiyo haikai kabisa. Waulize ni urefu gani unaogawanyika kwa 2 na kwa 3. Hapo KDS itakuwa imeshajitokeza kabla hujaitaja. Kwa 1/4 + 2/3 watafute urefu wenyewe. Wakifika 12, miraba 3 na 8 inawapa 11/12.

Usitoe ukanda mmoja kwa kikundi. Atakata mmoja, wengine watatazama, ilhali tathmini ni ya mmoja mmoja.

Wimbo wa dakika 10 katika kipindi cha dakika 40 ni mwingi (najua wanaupenda). Muda ukibana, punguza mifano ya ubaoni, swali la mchoro libaki.

Ukisahihisha, tenga madaftari yenye 5/6 bila mchoro unaoeleweka. Hao wamekariri kanuni, na kesho yake ndio wa kurudishwa kwenye ukanda. Niandikie wamekuwa wangapi.

Nisalimie wa nyumbani.

Wako,
Mwalimu mwenzio