Chembe za filamu au ukali wa dukani? Gauni moja, picha mbili

Oda nyingi huja studioni kwetu hivi: "Nataka picha za kampeni zenye muonekano wa filamu, halafu ziwe kali kabisa, mtu aone kila uzi." Ukiomba vyote viwili katika picha moja, utapata picha isiyo huku wala kule. Tuchukue gauni moja la kitenge, lililovaliwa na mwanamitindo mwenye ngozi nyeusi, tuone kila upande unadai nini.

Picha ya dukani kazi yake ni kumwonyesha mnunuzi atakachoshika mkononi. Kitenge halisi cha nta kina mistari myembamba kama nyufa, pale nta ilipokatika na rangi ikapenya. Mteja anayejua vitambaa huitafuta mistari hiyo. Kwa hiyo hapa hakuna chembe, yaani vile vitone vidogo vinavyoonekana kwenye picha za filamu, mwanga ni sawa pande zote, na kabla ya kuanza tunapiga fremu moja yenye kadi ya rangi ya vipande 24, ili nyekundu ya kwenye simu isipishane sana na nyekundu ya kitambaa. Hapa rangi inasahihishwa tu, haipambwi. Nguo nyingi hurudishwa kwa sababu "rangi siyo ile niliyoiona".

Picha ya kampeni huuza hali: jioni, pwani, joto. Hapo ndipo tunagredi, yaani tunaipamba rangi ili ilete hali hiyo. Filamu haikati mwanga mkali ghafla kama kamera ya dijitali. Huufifisha taratibu, ndiyo maana anga nyuma ya gauni hubaki na rangi badala ya kuwa doa jeupe. Kandokando ya taa huonekana mng'ao mwekundu, kwa kuwa mwanga hupenya filamu, hugonga mgongo wake na kurudi, na tabaka linalopokea nyekundu ndilo lililo karibu zaidi na mgongo huo.

Kosa la kawaida liko kwenye weusi. Ili picha ionekane ya zamani, watu huinua weusi wote wa picha kwa pamoja. Kwenye ngozi nyeusi matokeo ni mabaya: uso unakuwa wa kijivu, kama mtu aliyeoga akasahau kupaka mafuta. Kwenye Tone Curve, ule mstari wa kurekebisha giza na mwanga wa picha, nyanyua ncha ya chini kabisa kidogo tu, kisha weka nukta nyingine pale vivuli vya ngozi vinapoanzia, uirudishe kwenye mstari wake. Nguo nyeusi itafifia, uso utabaki na uhai.

Sasa chembe zenyewe. Chembe si kelele za kamera. Kelele hujazana gizani, mara nyingi zikiwa na madoa ya rangi. Chembe za filamu huonekana zaidi kwenye tani za kati, kama shavuni au ukutani. Kupandisha ISO ili "kupata chembe" hakukupi filamu, kunakupa picha chafu.

Mpangilio wa hatua una uzito kuliko programu unayotumia. Picha yenye upana wa pikseli 6000 ikipunguzwa hadi 1080 kwa ajili ya Instagram, kila pikseli mpya ni wastani wa takriban pikseli 31 za zamani. Chembe ulizoziweka mwanzoni zinamezwa. Mteja anaona picha laini, anaomba chembe ziongezwe, na faili lile lile likienda kwenye bango linaonekana kama limemwagiwa mchanga. Kwa hiyo kwanza safisha kelele, gredi, punguza ukubwa, noa kidogo, ndipo chembe zije mwisho. Ukinoa baada ya chembe, unanoa chembe. Kwenye Camera Raw anza na `Amount` 20 hadi 25 na `Size` 25. Ukipandisha `Size` sana, nyufa za nta ndizo hupotea kwanza.

Kwa video, punguza zaidi. Chembe hubadilika kila fremu, na mfumo wa kubana video huokoa nafasi kwa kutegemea kile kisichobadilika. Mtandao ukibana tena, uso wa mwanamitindo hugeuka vibonge vya miraba. Tazama faili lililokwisha kupakiwa, kwenye simu ya kawaida, si lile la kwenye kompyuta ya studio.

Gredi na chembe huongezwa baadaye na huondolewa ukitaka. Lakini kichujio cha kulainisha mwanga kikifungwa mbele ya lenzi kwa picha za kampeni, athari yake haiondoki tena kwenye picha. Ndiyo maana gauni likija kwa kazi zote mbili, tunamaliza za dukani kwanza, lenzi ikiwa wazi na gauni likiwa bado na pasi. Kwenye oda tuandikie tu ngapi ni za dukani, ngapi za kampeni, na kila moja itaishia wapi: simu, bango au karatasi.