"Wakili, ni haraka, ila siwezi kueleza hapa"

Wiki iliyopita mtu alitulalamikia kwamba tumemtoza mara mbili kwa jambo moja. Sikufurahi, na naona nieleze, maana ujumbe uliotufikisha huko tunaupokea karibu kila wiki: "Wakili shikamoo, naomba ushauri wa haraka, siwezi kueleza hapa."

Kutoeleza ni sawa kabisa. Tukiuliza unashindana na nani, hatuchungulii siri yako. Tunapekua majalada yetu tuone kama huyo mpinzani ni mteja wetu. Kuna mama alimsimulia wakili mwenzangu mgogoro wake wa kiwanja mwanzo hadi mwisho kwenye simu, ndipo ikajulikana upande wa pili ulikuwa mteja wa ofisi ile tangu zamani. Wakili akalazimika kujitoa pande zote mbili, na mama akawa ameshamwaga maneno yake yote mahali pasipomsaidia.

Swali la pili ni tarehe. Huyu mlalamikaji (tarehe nimezibadilisha) aliachishwa kazi kwa barua ya 10 Juni. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Namba 1. Alituandikia tarehe 8 Julai. Tukamuuliza jina la mwajiri na tarehe ya barua tu, akajibu, "Nitakuja mwenyewe." Kumbe alikuwa ametuma picha za barua na mkataba kwa mtu wa steshenari aliyemwahidi kumjazia fomu kwa bei ya chini. Fomu haikupelekwa. Alipofika kwetu ilikuwa tarehe 14, na siku zilikwisha tarehe 10.

Sasa ilibidi Fomu Namba 1 iende pamoja na Namba 2, ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, ikiwa na kiapo kinachoeleza kila siku iliyopita. Mwajiri naye ana haki ya kupinga kwa kiapo kinzani, na mnaweza kusikilizwa kuhusu siku nne tu, kabla neno lolote la kufukuzwa halijaguswa. Hayo ndiyo malipo ya pili. Ni kazi ya pili kweli, na nimeiandika usiku kucha.

Angetuandikia hivi tarehe 8, tungemwita asubuhi yake:

"Naitwa fulani. Nimeachishwa kazi na kampuni fulani. Barua ni ya 10 Juni. Sijafungua shauri popote. Barua na mkataba ninavyo. Naweza kuja kesho?"

Hakuna siri hapo. Sababu ya kufukuzwa, nani alisema nini, ushahidi ulionao, vyote tunza hadi tukae mezani. Kama umepewa hati ya madai ya mahakamani, ongeza jina la mahakama na siku uliyokabidhiwa hati hiyo, kwa sababu siku 21 za kujibu zinahesabiwa tangu hapo.