Mnafungia leseni, halafu ndiyo mnasikiliza?

Mhariri,

Mpwa wangu ni dereva wa basi la mikoani, linalotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi kwenda Mwanza. Amepewa barua ya mistari minne: leseni yake imefungiwa miezi sita kwa kosa la mwendokasi. Haikutaja tarehe, mahali wala spidi. Alipokwenda kuuliza, ofisa aliyemkuta mezani alimwambia taarifa imetoka kwenye mfumo, na mfumo haudanganyi.

Ni kweli, haukudanganya. Baada ya kufuatilia sana tulionyeshwa kwamba basi lilifikisha spidi 97 kati ya Singida na Nzega, ilhali sheria inaruhusu basi lisizidi 80. Ila safari ndefu kama hiyo huwa na madereva wawili wanaopokezana, na karatasi ya zamu ya kampuni inaonyesha usukani ulibadilishwa Singida. Saa ile mpwa wangu alikuwa amelala. Kifaa kilirekodi gari, na ofisi ikachukua jina la dereva aliyelitoa Dar. Angeulizwa swali moja tu, nani alikuwa kwenye usukani, jambo lingeishia hapo.

Sitetei wanaokimbiza mabasi; napanda mabasi hayo hayo. Ninachohoji ni utaratibu. Dereva akishitakiwa mahakamani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, hakimu anaweza kumfutia leseni akimtia hatiani, lakini kabla ya hapo atakuwa amesomewa shitaka, amewaona mashahidi na amejitetea. Ofisi inapotoa adhabu ya uzito ule ule kwa barua, hatua hizo zote zinarukwa. Na kwa mtu anayeishi kwa usukani, miezi sita bila leseni ni miezi sita bila mshahara.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu haiishii mahakamani. Inataja mahakama "au chombo kinginecho" kinachoamua haki za mtu, na inataka asikilizwe kwa ukamilifu na apewe haki ya kukata rufani au nafuu nyingine ya kisheria. Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, Mahakama ya Rufani ilisema haki hiyo ni ya kikatiba, si desturi tu ya kisheria. Tena mahakama hiyo imeshasema kwamba uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mhusika ni batili hata kama angesikilizwa na uamuzi ukabaki ule ule. Kwa hiyo ofisa hawezi kujitetea kwamba "kosa lilikuwa wazi".

Kusikiliza si lazima kuwe kikao cha mawakili na majoho. Kwa kosa kama hili ingetosha barua inayosema basi namba fulani, tarehe na saa fulani, mahali fulani, lilikwenda spidi fulani, pamoja na nakala ya rekodi na siku za kutosha za kujibu kwa maandishi. Kisha ofisa asiyekuwa mlalamikaji asome majibu, aamue na aandike sababu. Pale dereva anapobishia ukweli wenyewe, kama huyu wetu, hapo aitwe azungumze. Wapo wa kusimamishwa papo hapo, mathalani aliyekutwa amelewa na abiria hamsini nyuma yake. Huyo asimamishwe, ila kwa muda mfupi, na asikilizwe mara moja.

Watu hutushauri, "Nendeni Mahakama Kuu." Njia hiyo ipo. Unaomba kwanza kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa, kisha ndipo unaomba uamuzi wenyewe utenguliwe. Lakini angalia hesabu: leseni imefungiwa miezi sita, na kesi yenye hatua mbili, tena Mwanasheria Mkuu akiwa lazima aunganishwe, inaweza kuisha adhabu ikiwa imeshatumikiwa yote. Ndiyo maana usikilizwaji wenye faida kwa dereva ni ule wa kabla ya barua.

Kwa aliyekwisha kupata barua ya aina hii, asiendeshe kwa kujiambia kwamba ni batili. Mpaka itenguliwe, atakamatwa kwa kosa jipya, na hilo litakuwa lake kweli. Aandike haraka kuomba maelezo ya kosa, rekodi na sababu, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama ofisi ina ngazi ya rufaa, aitumie kwanza, kwa sababu mahakama itamuuliza. Akifika kwa jaji, wakili wake aombe pia utekelezaji wa barua usimame wakati shauri linaendelea. Na asingoje majibu ya ofisi mpaka miezi ikatike, kwani hesabu ya muda inaanzia siku ya uamuzi.

Mkazi wa Kimara,
Dar es Salaam