Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: itisheni ile dhamana

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Likoni. Tunakuandikia kwa adabu, ingawa adabu yenyewe imebaki kidogo. Wiki hii simu nyingine imelia kutoka Riyadh, na familia nyingine imejibiwa maneno yale yale: "Tunafuatilia."

Kisa ni hiki. Binti alitia sahihi hapa mkataba wa kazi za nyumbani Saudia, riyali 1,000 kwa mwezi. Alipofika, pasipoti ikachukuliwa na mshahara ukawa 700, ukilipwa mkononi. Akavumilia miezi mitano. Miezi miwili iliyofuata hakupata hata riyali moja, akatoka nyumbani kwa mwajiri usiku. Hesabu si ngumu: 300 mara tano ni 1,500, ongeza 2,000 za miezi miwili, anadai riyali 3,500. Kwa pesa zetu ni kama laki moja na elfu ishirini.

Lakini asubuhi yake kafili, yaani yule mwajiri aliyemdhamini kuingia Saudia, alikuwa ameshamripoti kuwa ametoroka. Wenyewe huko huiita hurub, na wenye kulijua neno hilo wanalihofia kuliko kipigo. Ripoti ikishaingia kwenye mfumo, mdai anageuka mkosaji: kuhamia kwa mwajiri mwingine kunakuwa kugumu, viza ya kutoka haipati kwa njia ya kawaida, na polisi akimkuta barabarani anampeleka kizuizini. Ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria badala ya pasipoti, lakini hati hiyo haifuti hurub. Ndiyo maana familia huambiwa "karatasi ziko tayari" na mtoto bado haji.

Kwa hivyo aliye kule na anaonewa, ikiwa maisha yake hayako hatarini, alalamike kabla ya kuvuka mlango. Namba ya wizara ya kazi ya Saudia ni 19911, ukipiga ukiwa huko huko. Malalamiko yakitangulia, kuna tarehe ya kuonyesha kwamba alidai haki yake kwanza, hakutoroka tu. Apige picha ikama, yaani kibali chake cha ukaazi, na mkataba, aitume nyumbani pamoja na jina na simu ya mwajiri na ramani ya mahali alipo. Tangu Julai 2024, mishahara ya mikataba mipya ya kazi za nyumbani inatakiwa kupita kwa njia rasmi kupitia Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa mtandaoni wa wafanyakazi wa nyumbani. Anayelipwa mkononi ajue jambo haliko sawa, na aandike kila tarehe na kila kiasi. Ila akipigwa au kuingiliwa, atoke, aelekee ubalozini. Hurub itashughulikiwa akiwa hai.

Sasa tuje kwako, Mheshimiwa, maana kafili wa Riyadh hatumfikii. Sheria ya Ajira ya 2007 unaijua kuliko sisi, lakini turuhusu tukukumbushe. Kifungu cha 84 kinamtaka afisa wa leba, kabla ya kuidhinisha mkataba wa nje, ahakikishe mfanyakazi ameuelewa na amekubali kwa hiari. Kifungu cha 85 kinasema mwajiri asiyeishi Kenya aweke dhamana, pamoja na mdhamini mmoja au zaidi anayeishi hapa hapa. Anayeishi hapa, Mheshimiwa! Ana ofisi, ana mlango, na bila shaka ana kiyoyozi. Zile riyali 3,500 zingedaiwa kwake.

Mbona hazidaiwi? Tunavyodhani, mkataba ukishagongwa muhuri hufungiwa kwenye faili, na familia haipewi nakala. Bila nakala hawajui mdhamini ni nani. Wakienda kwa ajenti, anawaambia kazi yake iliishia uwanja wa ndege.

Kuna pia wanaopelekwa kwa viza ya matembezi, bila mkataba ulioidhinishwa. Hao hawana dhamana ya kuitisha, na hapo tusidanganyane. Lakini kifungu cha 86 kinamfanya aliyewashawishi kuwa mkosaji, na ikiwa alidanganya ili wakanyonywe, ipo Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, ambayo kifungo chake hakipungui miaka 30. Familia zilizo hapa Mombasa ziende kwa mashirika ya kutetea haki, Haki Afrika, MUHURI au Trace Kenya, zikiwa na risiti za ajenti, ujumbe wa simu na nakala ya viza. Zisikubali kurudisha risiti "zikatengenezwe".

Hatuombi kamati, Mheshimiwa, wala ziara nyingine ya kwenda kujionea. Kila familia ipewe nakala ya mkataba uliogongwa muhuri, yenye jina la mdhamini, kabla ndege haijaruka. Na kwa huyu binti, dhamana iitishwe sasa. Faili lake liko kwenye ofisi zenu, na mdhamini hajahama.

Ni sisi wenye kuzipokea simu hizo,
Likoni, Mombasa