Majibu matatu ya grafu moja

Kwako Halima,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Picha ya grafu ya mwendokasi na muda imefika na inasomeka, ingawa imepigwa kwa upande, na ukingo wake wa kulia umezama kwenye mshono wa kitabu. Unasema wanafunzi wako wa kidato cha pili wameleta majibu matatu ya mhamo: mita 106, mita 191 na mita 95.5, na kila kundi linaapa kwamba limekokotoa eneo chini ya mstari kama ulivyowafundisha. Wote wamekokotoa eneo kweli. Jibu ni 106. Wa 191 wamejibu swali jingine, na wa 95.5 walishapotea kabla ya kuanza hesabu, kwenye kusoma namba.

Nianze na hao wa mwisho, maana kosa lao ndilo linalozaliwa na picha. Kwenye karatasi ya grafu ya kitabu hicho kila mraba mkubwa umegawanywa sehemu 10 kila upande. Mhimili wa chini, wa muda, umeandikwa 0, 2, 4 hadi 20, kwa hiyo mraba mkubwa ni sekunde 2 na mstari mdogo ni sekunde 0.2. Mhimili wa wima, wa mwendokasi, umeandikwa 4, 8, 12, 16 kwenda juu na -4, -8, -12 kwenda chini, kwa hiyo mraba mkubwa ni 4 m/s na mstari mdogo ni 0.4 m/s. Sasa tazama grafu inapoanzia: iko mistari midogo 5 juu ya 4. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kila mstari mdogo ni 0.1 anaandika 4.5. Thamani yake halisi ni 4 + 5 × 0.4, yaani 6 m/s. Kwa kosa hilohilo 14 inakuwa 12.5, na -10 inakuwa -8.5. Ukiziweka namba hizo kwenye hesabu iliyo sahihi kabisa, inatoka 95.5. Nimeipiga nikahakikisha. Kwa hiyo kabla hawajagusa mstari wa grafu, waambie waandike pembeni mwa karatasi mistari miwili: mraba mdogo wa chini ni ngapi, mraba mdogo wa wima ni ngapi. Mihimili miwili haina sababu ya kuwa na kipimo kimoja, na hapa haina.

Kuhusu picha yenyewe, usiruhusu mtu aweke rula kwenye skrini ya simu. Picha ikipigwa kwa upande, miraba ya karibu na kamera hutoka mikubwa na ya mbali hutoka midogo. Kwenye picha yako miraba ya kushoto ni mipana waziwazi kuliko ile ya kulia. Ukipima upana wa mraba wa kwanza kisha ukautumia kuhesabu hadi mwisho, nukta iliyo kwenye sekunde 18 utaisoma kana kwamba ipo mapema zaidi. Dawa ni kuifuata gridi iliyochapwa. Gridi imepindishwa na kamera pamoja na grafu, kwa hiyo nukta iliyokaa juu ya makutano ya mistari miwili bado imekaa palepale hata picha ikilala. Anza kwenye nukta, shuka na mstari wa wima ulio karibu nayo mpaka kwenye mhimili, usome. Kisha rudi kwenye nukta, fuata mstari wa mlalo hadi mhimili wa kushoto, usome tena. Jicho lifuate mstari wenyewe hata kama umelala upande, wala lisikate moja kwa moja.

Pale kwenye mshono kuna jambo jingine. Kipande cha mwisho cha grafu, kuanzia sekunde 18 hadi 20, kinaonekana kama kimejikunja kidogo, na mwanafunzi mmoja wako amekichukulia kuwa ni mkunjo wa kweli. Kupiga picha kwa upande hakupindishi mstari ulionyooka: mistari sambamba inaweza kuonekana ikikaribiana, lakini kila mmoja unabaki umenyooka. Kinachopinda mstari ni karatasi yenyewe kuinuka. Njia ya kujua ni kutazama mistari ya gridi iliyo jirani. Ikiwa nayo imejikunja kwa namna ileile mahali palepale, basi ni karatasi, na kipande cha grafu kimenyooka. Ikiwa gridi imenyooka na grafu peke yake imepinda, hapo mkunjo ni wa kweli, na pembetatu zako hazitatosha. Kwenye picha yako gridi imejikunja pia, kwa hiyo tunasoma ncha mbili tu za kipande hicho na kukichukua kuwa kimenyooka.

Nukta nilizosoma, muda kwanza kisha mwendokasi, ni hizi: (0, 6), (4, 14), (10, 14), (16, -10), (18, -10) na (20, 0). Sita tu. Ndizo kona, na kati ya kona hakuna haja ya kusoma kitu.

Kutoka 0 hadi sekunde 4 kuna trapeza yenye pande sambamba 6 na 14. Wastani wake ni 10 m/s, mara sekunde 4, ni mita 40. Wanafunzi wengi huona mstari unapanda wakaandika nusu ya 4 × 14, wakapata 28. Hiyo ni pembetatu inayoanzia sifuri, na grafu hii haikuanzia sifuri. Kutoka 4 hadi 10 ni mstatili: 14 × 6 ni mita 84. Hapo hakikisha wanatumia sekunde 6, tofauti ya 10 na 4, maana wapo watakaozidisha kwa 10 kwa kuwa ndiyo namba iliyoandikwa chini ya kona.

Kutoka 10 hadi 16 ndipo penye utamu. Mstari unashuka kutoka 14 hadi -10 na kuukata mhimili njiani. Mteremko wake ni badiliko la -24 kwa sekunde 6, yaani -4 m/s kila sekunde, kwa hiyo ile 14 inaisha baada ya sekunde 3.5, na mstari unakata kwenye sekunde 13.5. Kwenye gridi hiyo ni mistari midogo 7 na nusu baada ya 12, na picha inakubali. Juu ya mhimili kuna pembetatu ya nusu ya 3.5 × 14, mita 24.5. Chini yake kuna pembetatu ya nusu ya 2.5 × 10, mita 12.5, na hii ni hasi kwa sababu mwendokasi ni hasi: kitu kinarudi kilikotoka. Kutoka 16 hadi 18 kuna mstatili wa 10 × 2, mita 20 hasi. Kutoka 18 hadi 20 kuna pembetatu ya nusu ya 2 × 10, mita 10 hasi. (Gari gani hilo linalorudi nyuma kwa 36 km/h, swali halisemi. Watunzi wa mitihani wana magari yao.)

Juu jumla ni 40 + 84 + 24.5, mita 148.5. Chini jumla ni 12.5 + 20 + 10, mita 42.5. Mhamo, yaani kutoka mahali kilipoanzia hadi kilipoishia na upande wake, ni 148.5 toa 42.5, ndiyo 106. Wale wa 191 wamejumlisha 148.5 na 42.5. Huo ni umbali wote kiliotembea, kwenda na kurudi, na kama sehemu (b) ya swali itauliza umbali, basi jibu lao ndilo. Usiwakatie alama zote.

Kuna njia fupi inayofaa kuwaonyesha wale wepesi. Kama wanatafuta mhamo peke yake, hawahitaji kujua mstari umekata wapi. Kipande chote cha sekunde 10 hadi 16 wakichukulie kama trapeza moja yenye ishara zake: wastani wa 14 na -10 ni 2, mara 6 ni mita 12, sawasawa na 24.5 toa 12.5. Inafaa sana pale makutano yanapoangukia kwenye kivuli cha simu au doa la wino, kwa sababu kosa la kusoma makutano haliingii kwenye hesabu kabisa. Kwa umbali wote, hapana: hapo lazima makutano yajulikane, na ni salama zaidi kuyapata kwa mteremko kama nilivyofanya kuliko kwa jicho.

Wahakikishe kwa kuhesabu miraba. Mraba mkubwa mmoja ni 4 m/s × sekunde 2, mita 8. Kipande cha kwanza kina upana wa miraba 2 na kimo cha wastani cha 2.5, jumla miraba 5, mita 40. Mstatili una upana wa miraba 3 na kimo cha 3.5, yaani 10.5, mita 84. Juu nzima inatoka miraba 18 na nusu na ushei, chini miraba 5 na ushei. Tofauti ni kama miraba 13 na robo, mara 8, ni 106. Hesabu hii ingewakamata wale wa 95.5 mara moja, kwa sababu miraba haijali umesoma namba gani.

Kosa moja halionekani kwenye jibu la mwisho, ila litaonekana ukiuliza: kwenye sekunde 13.5 kitu hicho kiko wapi? Wengi watasema kimerudi kilipoanzia, kwa sababu mstari umefika sifuri. Kilichofika sifuri ni mwendokasi. Kitu kimesimama kwa nukta ya muda, na hapo ndipo kilipo mbali kuliko wakati wote, mita 148.5.

Ile picha ya pili, isiyo na namba kwenye mhimili wa wima, sikuigusa. Bila kipimo eneo ni idadi ya miraba tu, na sijui kama ni m/s au km/h. Kama ni km/h, itabidi mwendokasi ugawanywe kwa 3.6 kabla ya kuzidisha kwa sekunde. Bonyeza kitabu kilale, simu iwe juu yake sambamba na ukurasa, namba za mihimili yote miwili ziingie pamoja na alama za kutoa, maana hizo ndizo hupotea kwanza picha ikififia. Kisha uitume kama faili, isibanwe njiani.

Wako,
Idrisa